Namna ya kuandaa posti ya slaidi ya kuomba radhi oda zikichelewa

Juzi nilikaa na dada mmoja anayeshona mabegi na kuyauza Instagram. Oda 43 zilikuwa zimechelewa, na wateja wamejaa kwenye maoni. Hivi ndivyo tulivyofanya.

1. Anza inboksi. Kila aliyelipa apate ujumbe wake kabla ya posti kutoka. Inauma kusikia habari ya pesa yako pamoja na wapita njia.

2. Fungua ukurasa wa pikseli 1080 kwa 1350, rangi moja, herufi kubwa. Slaidi tano zinatosha. Usiweke picha ya bidhaa, maana radhi itageuka tangazo.

3. Slaidi ya kwanza: "Tumechelewesha oda 43. Tunaomba radhi." Basi.

4. Slaidi ya pili, nini kilitokea. Hapa tulitumia saa tatu. Mwanzoni aliandika "kutokana na changamoto zilizo nje ya uwezo wetu". Nikamwomba daftari la oda. Kweli, zipu zilichelewa kufika siku 5, lakini wapo wateja waliokuwa wamesubiri siku 12 zaidi ya ahadi. Hizo nyingine zilitoka wapi? Tukahesabu: anashona mabegi 6 kwa siku, yaani 36 kwa wiki ya siku sita, na wiki ile alipokea oda 61. Hata zipu zingewahi, asingemaliza. Tukaandika: "Zipu zilichelewa siku 5. Kosa letu kubwa ni kupokea oda 61 wakati uwezo wetu ni 36." Ukimsukumia lawama msambazaji peke yake, mteja aliyeweka oda kabla ya zipu kukwama atakuumbua kwenye maoni, na atakuwa na haki. Slaidi hii pia ijitosheleze, kwa sababu mara nyingine Instagram humrudishia mtu posti ikianzia slaidi ya pili.

5. Slaidi ya tatu, lini. Usiandike "hivi karibuni". Gawa 43 kwa 6: ni siku 7 na kidogo, kwa hiyo 8 za kazi. Tukaongeza 2 za tahadhari cherehani ikigoma, tukaandika tarehe kamili ya begi la mwisho. Ukikosa ahadi ya pili, hakuna slaidi itakayokuokoa.

6. Ya nne: asiyetaka kusubiri aandike RUDISHA inboksi, apate pesa yake yote ndani ya siku 3. Pesa hizo ziwe mkononi kabla hujaahidi. Mimi sipendi kuponi ya punguzo hapa, maana inamtaka mtu anunue tena kabla hajapata alicholipia.

7. Ya tano, kinachobadilika: oda mwisho 30 kwa wiki, na hakuna oda mpya kabla zipu hazijafika.

8. Kagua tarehe na namba mara mbili. Maelezo ya chini utaweza kuyahariri, lakini maandishi yaliyo ndani ya picha hayarekebishiki ukishaposti.

Ibandike juu ya ukurasa hadi begi la 43 litoke, kisha ibandue.