Kumjibu anayeuliza "bei ya jumla?": mfano wa khanga

Tuseme una duka la khanga Kariakoo. Mtu wa Mwanza ambaye hujawahi kumuuzia anakuandikia Wasapu: "Habari, naomba bei ya jumla ya khanga."

1. Jibu siku hiyohiyo, kwa maandishi, ujumbe mmoja. Sauti usitume. Huenda ana mwenzake wa mtaji wa kumwonyesha, na bei iliyosemwa kwa sauti ni kazi kuitafuta baadaye.

2. Taja kiwango cha chini mara mbili: cha oda nzima na cha kila mchoro. Ukiishia kwenye "kuanzia doti 40", atachagua michoro 40, doti moja moja. Utafungua mafurushi 40, na kila furushi litabaki pungufu, halifai tena kuuzwa zima. Kiwango cha mchoro kifuate ufungaji wako: furushi likiwa na doti 10, sema 10, usiseme 8. Kama rangi huja mchanganyiko ndani ya furushi, liandike hilo pia, la sivyo atadai aliagiza nyekundu tupu. Korija nayo iepuke. Wewe unahesabu doti 20, yeye anahesabu vipande 20, yaani doti 10, na ugomvi unaanza mzigo ukishafika. Andika "doti" na idadi yake.

Akisema anataka 15 tu, usimfukuze na usimpe bei ya 40. Mpe bei ya 15.

3. Malipo. Kwa mteja mpya, nusu ya kushikilia mzigo, nusu baada ya kuona picha ya mzigo uliofungwa, kabla haujapanda basi. "Utalipa ukipokea" usikubali, kwani kondakta si mkusanya madeni wako. Pesa ipite Lipa Namba yenye jina la duka. Mgeni akiona jina la mtu binafsi anasita, na ana haki. Nauli ya mzigo useme ni ya nani.

4. Mwachie jambo moja la kufanya, lenye siku. "Karibu sana" haimwambii afanye nini.

Ujumbe kamili:

> Habari za leo, asante kwa kuuliza. Khanga za pamba, bei kwa doti: doti 40–99 ni sh 12,500, 100 na kuendelea ni sh 11,800. Kila mchoro kuanzia doti 10, rangi mchanganyiko. Doti 40 ni sh 500,000: unatanguliza 250,000 kwa Lipa Namba ya duka, inayobaki unalipa ukishaona picha ya mzigo, kabla ya kusafirisha. Nauli ya basi ni juu yako. Bei hizi ni hadi Ijumaa saa 10 jioni. Picha nimezitia namba 1–12. Nitumie namba unazotaka na idadi ya kila moja, nikuandalie profoma leo.

Zile namba ziandikwe juu ya picha zenyewe. Ukiziweka kwenye maelezo ya chini, akisambaza picha, namba zinaweza kupotea, kisha anakuambia anataka "ile ya maua".

Alhamisi mkumbushe mara moja. Ijumaa ikipita kimya, uza mzigo. Akirudi Jumatatu, mpe bei ya Jumatatu.