SOMO: Mzigo umenunua kwa dola, unalipa baadaye. Tofauti ya kiwango unaiweka wapi?

Swali hili linarudi kila hesabu zinapofungwa, kwa hiyo naliandika mara moja. Mfano wetu: mzigo wa dola 10,000 kwa mkopo, vitabu ni vya shilingi, mwaka unaisha Desemba 31.

1. Siku ya kuagiza huandiki kitu. Agizo si deni.

2. Siku mzigo unapokuwa mali yako kwa masharti ya mkataba, andika kwa kiwango cha siku hiyo. Novemba 10 dola ni 2,500: debiti bidhaa milioni 25, krediti msambazaji milioni 25.

3. Desemba 31, mzigo bado stoo na hujalipa. Hapa ndipo wengi huharibu. Dola imefika 2,560, hivyo deni sasa ni milioni 25.6. Debiti hasara ya fedha za kigeni 600,000, krediti msambazaji 600,000. Bei ya mzigo usiiguse. IAS 21, kanuni ya kimataifa ya uhasibu wa fedha za kigeni, inasema kinachopimwa upya ni deni, kwa kuwa utalilipa kwa dola. Bidhaa zilizorekodiwa kwa gharama hubaki na kiwango cha siku ya kununua. Ukiibandika ile 600,000 kwenye stoo, hasara ya mwaka huu inajificha humo mpaka mzigo uuzwe, na faida yako inaonekana nono kuliko ilivyo. Kujikagua ni rahisi: salio la msambazaji gawa kwa kiwango cha siku ya kufunga. Isipokuja 10,000 kamili, kuna ulichokosea.

4. Januari 20 unalipa kwa 2,540, yaani milioni 25.4. Debiti msambazaji milioni 25.6, krediti benki milioni 25.4, na 200,000 ni faida ya mwaka mpya. Hasara ya mwaka jana hairudiwi kurekebishwa.

MASWALI

— Mkuu, kwa hiyo mzigo umenigharimu milioni 25.4?

Hapana. Rudi hatua ya 3: bei ya mzigo usiiguse.

— Lakini hela iliyotoka mfukoni ni 25.4!

Imetoka kulipa deni. Mzigo ulishanunuliwa Novemba.

— Kama nilitanguliza dola 3,000 Oktoba, dola ikiwa 2,480?

Swali zuri. Malipo ya awali hayapimwi upya, maana unachodai ni bidhaa, si fedha. Hiyo 7,440,000 inabaki ilivyo. Mzigo ukiwa wako, dola 7,000 zilizobaki zinaingia kwa 2,500, yaani milioni 17.5. Gharama ya mzigo ni 24,940,000, na Desemba unapima upya zile 7,000 tu.

— Benki imenikata na ada ya kutuma. Naijumlisha kwenye hasara?

Iweke kwenye ada za benki. Ukiichanganya, hesabu ya kiwango haitakubali ukija kuikagua.

— Nina akaunti ya dola pia.

Nayo ipime upya Desemba 31. Dola ikipanda, akaunti inakupa faida wakati deni linakupa hasara. Ukiwa nazo 10,000 humo, tangu siku ya mzigo zinafutana.