Kabla mwanafunzi wa fildi hajaandika waraka wa kubadili utaratibu

Kila mwaka ofisini kwetu hapa Kigoma tunapokea wanafunzi wa fildi, na mapema sana mmoja wao hukabidhiwa kazi ya kuandaa waraka kwa wafanyakazi wote. Anafungua kompyuta, anaandika "YAH:" kwa herufi nene, kisha anakwama. Akifika kwangu huwa namwambia afunge kompyuta kwanza, kwa sababu waraka wa aina hii hukosewa kabla haujaandikwa.

Nitautumia ule wa masurufu. Zamani mtumishi aliomba fedha ya safari siku yoyote. Uongozi ukaamua maombi yafike mapema, na binti aliyekuwa fildi akaandika: "Mnataarifiwa kuwa kuanzia sasa maombi yote ya masurufu yawasilishwe siku tatu kabla ya safari." Kiswahili safi, adabu ipo, lakini mtu hawezi kuutekeleza.

Chukua hizo siku tatu. Mwenye safari ya Jumatatu akihesabu siku za kalenda ataleta ombi Ijumaa. Akihesabu siku za kazi, alitakiwa kulileta Jumatano. Wote wawili wamesoma sentensi ileile, na Ijumaa jioni mmoja wao atakuwa mlangoni kwa mhasibu akidai haki yake. Kwa hiyo kabla ya kuandika, muulize aliyetoa uamuzi: siku za kazi au za kalenda? Mwisho saa ngapi? Kisha andika mfano ndani ya waraka wenyewe: "kwa safari ya Jumatatu, ombi lifike Jumatano kabla ya saa 6:00 mchana." Mfano huo mmoja utakuokolea maswali mengi.

Gumu zaidi ni "kuanzia sasa". Rasimu iliandikwa Jumatatu, ikasainiwa Jumatano, ikafika Kasulu Ijumaa. Kwa wenzetu wa Kalya karatasi ilisubiri boti. Sasa ya nani, basi? Weka tarehe, na uiweke mbele kiasi cha kumfikia mtu wa mbali kabisa. Tarehe nayo ina mtego wake. Binti alipoandika upya "utaratibu unaanza Jumatatu tarehe 2 Juni", nilimuuliza: mwenye safari ya Jumanne tarehe 3 afanyeje? Siku zake tatu za kazi zinaangukia Alhamisi tarehe 29 Mei, kabla utaratibu haujaanza. Tukaona heri kufungamanisha tarehe na safari badala ya ombi: "Utaratibu huu unahusu safari zinazoanza Jumatatu tarehe 9 Juni na kuendelea." Ombi la kwanza likawa linatakiwa Jumatano tarehe 4, na waliokwisha kusainiwa fomu za safari za kabla ya hapo wakajua hawaguswi. Usiache kuwaandikia sentensi yao hao walio katikati. Wao ndio huja juu, na mara nyingi haki iko upande wao.

Jambo jingine ni hilo neno "yawasilishwe". Kwa nani? Masijala, kwa mkuu wa idara, au mezani kwa mhasibu? Mtaje kwa cheo. Taja pia nani anaruhusu safari ya dharura, maana gari likiitwa usiku kwenda Kibondo hakuna atakayesubiri siku tatu. Kama uongozi haujaamua hilo, usilitungie jibu wewe. Rudi ukaulize.

Rasimu ikishakuwa tayari, andika RASIMU juu yake, kisha mpe mhasibu aisome, na mtu mmoja anayesafiri mara kwa mara. Sisi tulimpa dereva. Alisoma mara moja akauliza, "Dada, na mafuta ya gari nayo yataombwa siku tatu kabla?" Hapana, mafuta kwetu yana utaratibu wake, lakini hakuna aliyekuwa amefikiria kulisema. Tukaongeza mstari mmoja. Rasimu isipigwe picha kuingia kwenye kundi la WhatsApp. Ikishazunguka huko, toleo lililosainiwa litaonekana kama la pili, na watu watashikilia lile la kwanza.

Yaliyobaki ni mepesi. Namba ya kumbukumbu inatoka masijala, usiibuni. Anayesaini ni mwenye mamlaka, hata kama kila neno ni lako. Kama kuna waraka wa zamani juu ya jambo hilohilo, utaje kwa namba na tarehe, na useme umefutwa. Nakala moja iingie kwenye jalada, na vituo vya nje visaini daftari la kupokelea. Asubuhi waraka unapobandikwa, bandua ule wa zamani ubaoni na uondoe fomu za zamani kwenye trei ya mhasibu. Mwaka ule tulizisahau, na wiki mbili baadaye bado watu walikuwa wanazijaza.