Jinsi ya kuombea ndugu yako kitanda cha wagonjwa mahututi wakati wa mlipuko wa ugonjwa

Mwongozo huu ni kwa aliye na mgonjwa aliyeletwa hospitali ya mkoa, Tabora au Kigoma, wakati vitanda vya mahututi vimejaa. Nimeupitia na baba yangu mdogo, tuliyemtoa Kaliua akihema kwa shida. Kupata faili na rufaa mnakujua, naruka.

Anza na mgonjwa mwenyewe, angali anaongea. Mwombe daktari amweleze mbele yenu mrija wa kupumulia ni nini: atalazwa usingizi, hataongea, na wengine hawarudi. Akiukataa, iandikwe, na ndugu asije kuibadili akishapoteza fahamu. Ila uhuru wake wa kuamua unaishia hapo. Anaweza kukataa kitanda, hawezi kukiamuru, wala shangazi hawezi kukiamuru kwa niaba yake hata apige kelele kiasi gani koridoni.

Kisha daktari anayemtibu anapeleka maombi kwa kamati ya hospitali inayogawa vitanda. Usimlaumu kwa kutoamua mwenyewe. Kazi yake ni kumpigania mgonjwa wake, na kila daktari wa wodi akimpigania wa kwake, lazima wapangaji wawe watu wengine. Majina na vyeo havitakiwi kufika kwao. Dokezo la “mnajuana na nani?” mtalisikia tu, mlipuuze.

Kamati hupanga kwa alama za SOFA: mapafu, damu kuganda, ini, mzunguko wa damu, fahamu na figo, kila kimoja 0 hadi 4. Alama zikiwa nyingi, hali ni mbaya na matumaini ya kupona ni madogo. Watu wengi hudhani aliye taabani zaidi ndiye anatangulia. Sivyo. Kitanda kinapokuwa kimoja, hutafutwa atakayenufaika nacho, kwa kuwa kumtendea mema mmoja pasipo matumaini ni kumnyima mwenye matumaini.

Hapa ndipo tulipopoteza muda na fedha. Baba mdogo alipata 2 za mapafu, 1 ya chembe sahani zinazogandisha damu, 1 ya fahamu, na 3 za figo, kwa sababu kreatinini, kipimo cha damu kinachoonyesha hali ya figo, ilikuwa 320. Jumla 7. Kamati yetu iliweka walio chini ya 6 fungu la kwanza, na 6 hadi 8 la pili, kwa hiyo akashushwa. Lakini figo zake ni mbovu miaka mingi, na kipimo hicho kwake ni cha kawaida. Zile 3 hazikuletwa na mlipuko. Ukizihesabu, unamwadhibu kwa ugonjwa aliokuwa akiishi nao, na maskini ndio wenye magonjwa ya aina hiyo yasiyotibiwa vizuri. Haki hapo ni kuangalia kilichoharibika sasa.

Tulitakiwa kuthibitisha. Daftari la kliniki lilikuwa Kaliua. Picha kwenye simu ikakataliwa, wakitaka karatasi yenye muhuri, na mwenye muhuri alikuwa “ametoka kidogo”. Tukalipa bodaboda, tukalipa gari. Daftari lilipofika wakatazama ukurasa uleule tuliowaonyesha kwenye simu. Kwa hiyo: mgonjwa wa figo, ini au damu, mbebeeni daftari lake la zamani tangu nyumbani, na mwombe daktari aandike kwenye fomu kiwango chake cha kawaida cha siku zote.

Figo zikaondolewa, akabaki na 4, fungu la kwanza. Jirani yake, mama wa mjini, alikuwa na 5, fungu lilelile. Ndugu zake walisema wao ndio waliotangulia kufika. Hoja hiyo ikubalike, basi wa Tabora mjini watashinda daima na wa Kaliua watashindwa kwa urefu wa njia yao. Tofauti ya alama moja nayo haitoshi kusema nani atapona. Kamati ikapiga kura ya bahati, mbele ya mashahidi wa pande zote mbili. Dai hilo la mashahidi msiliache.

Tulishindwa. Kushindwa hakufungi faili. Aliendelea kupata oksijeni wodini, akawa analazwa kifudifudi, na dawa ya maumivu haikukatwa. Mkiona huduma hizo zinapungua, lalamikeni, maana kukosa kitanda si kibali cha kumdhuru. Ulizeni pia tarehe ya tathmini mpya. Aliyepewa kitanda naye hupimwa tena, mara nyingi baada ya saa 48, na asipopata nafuu kitanda kinaweza kwenda kwa mwingine. Mwenye kitanda aelezwe hayo kabla ya kuingia. Nanyi mhakikishe kreatinini imepimwa upya kabla ya siku hiyo, kwani fomu yenye majibu ya zamani hurudishwa mwisho wa foleni.