Jinsi ya kutoa paswedi kwenye PDF yako mwenyewe ili uweze kuituma bila usumbufu

Hii naiandika kwa sababu ya shangazi yangu wa Chang'ombe hapa Dodoma, ana shamba la zabibu na alikuwa anaomba mkopo kwenye SACCOS yao, wakamwambia alete taarifa ya akaunti ya miezi sita. Benki ikamtumia PDF kwenye imeili ikiwa na paswedi, na yeye akaipeleka WhatsApp kwa karani vilevile ilivyo. Karani hawezi kuifungua, anapiga simu kuuliza paswedi, shangazi anamsomea herufi mojamoja huku mtandao unakatika, karani anaandika kivingine. Siku ya pili faili likahitajika kwa afisa mikopo, ngoma ikaanza upya. Ikabidi nipite jioni, "Shikamoo shangazi, nipe hiyo simu."

Kabla ya yote, hapa naongelea PDF ambayo ni yako na paswedi unaijua. Kama huijui rudi kwa aliyekutumia akupe, hii njia haivunji kitu.

Kwanza, achana na zile tovuti

Ukigugo utakutana na tovuti kibao za "unlock PDF", unapandisha faili, unaandika paswedi, unarudishiwa faili safi. Zinafanya kazi, sibishi. Ila fikiria ulichopandisha: jina lako kamili, namba ya akaunti, salio, nani kakutumia hela na lini, halafu na paswedi juu yake. Kwa kitabu cha somo sawa, kwa taarifa ya benki mimi sikubali hata kidogo, maana kazi yenyewe simu yako inaiweza bila faili kutoka nje.

Njia ya mkato: Chrome ya kompyuta

Kama una laptopu, buruta PDF uiweke ndani ya Chrome, andika paswedi, ikifunguka bonyeza Ctrl na P, pale kwenye Destination chagua Save as PDF, seivu kwa jina jingine. Faili jipya halina paswedi. Umemaliza.

Tatizo ni kwamba hapo hujatoa kufuli, umeprinti nakala mpya. Linki za ndani na zile alama za kurukia sura zinaweza kupotea, fomu ya kujaza inageuka kuwa karatasi tu, na faili lingine linatoka zito kuliko la mwanzo. Halafu kuna PDF ambazo aliyezitengeneza kazuia kuprinti, hizo Chrome haitakuruhusu. Kwa taarifa ya benki ya kurasa chache inatosha kabisa. Ila ukifanyia steshenari, futa faili zote mbili kwenye Downloads na umwage Recycle Bin kabla hujalipa, zile kompyuta za steshenari ukifungua Downloads unakuta vyeti na mikataba ya nusu ya mtaa.

Kwenye simu za Android hii njia ya kuprinti mara nyingi inagoma, unaona PDF vizuri lakini ukibonyeza Print inakataa kwa sababu faili limefungwa. Na shangazi hana laptopu. Ndiyo maana tukaenda na qpdf.

Njia ninayoipenda: qpdf ndani ya Termux

qpdf ni programu ya bure ya kuandika amri. Yenyewe haiprinti upya, inafungua faili na kuliandika tena bila kufuli la paswedi, maandishi na picha na linki zinabaki kama zilivyokuwa. Ipo ya Windows, Mac na Linux, na kwenye Android unaipata kupitia Termux, apu inayokupa dirisha la kuandika amri kwenye simu. Termux ichukue F-Droid, duka la apu za bure. Ukishaifungua andika hizi, mojamoja:

```
pkg update
pkg install qpdf
termux-setup-storage
```

Hiyo ya tatu italeta kidirisha cha ruhusa, kubali, bila hivyo Termux haioni mafaili ya simu yako.

PDF yako iseivu kwenye Downloads na uibadilishe jina liwe fupi, mfano taarifa.pdf. Usiache lile jina refu lenye nafasi na mabano ya (1) mwishoni, litakusumbua bure. Kisha:

```
cd ~/storage/downloads
qpdf --decrypt --password='PASWEDI' taarifa.pdf wazi.pdf
```

Badala ya PASWEDI weka ya kwako. Ikikaa kimya na kukurudishia mstari mtupu, imekubali. Haisemi hongera wala nini.

Hapa ndipo watu wanapokwama

Unaweza ukawa na paswedi sahihi kabisa, ile ile inayofungua PDF ukigusa kwa kidole, lakini qpdf inakwambia:

```
qpdf: taarifa.pdf: invalid password
```

Mtu anaanza kuilaumu benki. Mara nyingi benki haina kosa, paswedi imeharibikia njiani kabla ya kuifikia qpdf.

Tuseme paswedi ni Mwj$1974! (ya kutunga, sio ya shangazi). Ukiiandika wazi bila alama za nukuu, au ukaiweka kwenye nukuu mbili, Termux inaiona ile alama ya dola na kudhani $1 ni jina la kitu inachotakiwa kukitafuta. Inatafuta, haikuti kitu, inaweka patupu. Kinachofika kwa qpdf ni Mwj974! na hiyo kweli sio paswedi. Unaweza ukaona kwa macho yako:

```
echo "Mwj$1974!"
echo 'Mwj$1974!'
```

Ya kwanza inatoa Mwj974! na ya pili inatoa paswedi nzima. Kwa hiyo kwenye Termux, Linux na Mac tumia nukuu moja moja siku zote, hata kama paswedi ni tarakimu tupu, ujizoeze. Kwenye Windows ukiwa ndani ya lile dirisha jeusi la cmd mambo yanageuka, kule nukuu moja haitambuliki kama nukuu, tumia mbili. PowerShell inakubali moja. Najua inachosha, ndiyo maana nasema Termux.

Jambo la pili ni kukopi amri. Mtu anakutumia hiyo amri kwa meseji, unaipesti, haifanyi kazi. Angalia kwa karibu vile vistari viwili kabla ya decrypt: baadhi ya apu na kibodi zinaviunganisha kuwa kistari kimoja kirefu, na nukuu zilizonyooka zinageuzwa kuwa za kupinda. Kwa macho ni vilevile, kwa qpdf ni vitu vingine kabisa, kistari kirefu itadhani ni jina la faili. Andika kwa mkono hiyo sehemu, ni herufi chache.

La tatu ni paswedi yenyewe kwenye meseji. Sentensi inaisha na nukta, na ukishikilia kidole kukopi, nukta inaingia, au nafasi moja tupu inajibana mwishoni. Kama paswedi ni tarehe ya kuzaliwa, angalia kama wanataka sifuri ya mbele, 05 sio 5. Na herufi kubwa na ndogo zinahesabika.

Kama paswedi ina nukuu moja ndani yake, au hutaki kuhangaika na hayo yote, iweke kwenye faili. Andika `nano ~/p.txt`, weka paswedi kwenye mstari wa kwanza, seivu kwa Ctrl na O kisha Enter, toka kwa Ctrl na X, halafu:

```
qpdf --decrypt --password-file=$HOME/p.txt taarifa.pdf wazi.pdf
rm ~/p.txt
```

Humu alama yoyote inapita bila kuguswa. Siku hizi mimi natumia hii tu, na ina faida nyingine: amri unazoandika Termux inazikumbuka, ukibonyeza mshale wa juu zinarudi, kwa hiyo paswedi uliyoiandika ndani ya amri inabaki humo. Ya kwenye faili ukishafuta imeondoka.

Hakikisha

```
qpdf --show-encryption wazi.pdf
```

Ikijibu `File is not encrypted` basi tayari. Fungua pia kwa kidole uone kurasa zote zipo, na hilo jina wazi.pdf libadilishe liwe la maana kabla ya kutuma. Lile la mwanzo lenye paswedi usilifute, libaki kwenye simu au imeili yako.

Tuma kurasa zinazotakiwa tu

Faili la shangazi lilikuwa na miezi zaidi ya ile sita, karani hana haja ya kuona mingine. qpdf inakata hapohapo wakati inafungua, mfano ukurasa wa 1 mpaka wa 7:

```
qpdf --decrypt --password-file=$HOME/p.txt taarifa.pdf --pages . 1-7 -- miezi6.pdf
```

Ile nukta inamaanisha "faili hilohilo", na vile vistari viwili vilivyosimama peke yake kabla ya jina jipya usivisahau, ndivyo vinavyoiambia qpdf kwamba orodha ya kurasa imeishia hapo. Hii uiendeshe kabla ya ile `rm`, la sivyo faili la paswedi halipo tena.

Isipokuwa kama ina saini ya kidijitali

Kuna PDF zenye saini ya kidijitali, sio picha ya mhuri, ile ambayo ukifungua kwenye Adobe Reader inakuletea mstari juu unaosema saini ni halali. Ukitoa paswedi faili linaandikwa upya, na saini hiyo haitathibitika tena, hata kama hujabadilisha tarakimu hata moja. Anayepokea anaweza kudhani umechezea namba. Hapo usitoe paswedi. Tuma faili kama lilivyo, na paswedi itume kwa meseji ya kawaida, sio kwenye WhatsApp ileile uliyotumia faili, na iandike peke yake kwenye mstari bila nukta mwishoni ili wakikopi wasikwame. Kama hujui ina saini au haina, muulize anayeipokea anataka ipi: wengi, kama karani wa shangazi, wanaprinti tu na kuweka kwenye faili la mkopo, kwao iliyo wazi ndiyo inayofaa.

Kwenye WhatsApp itume kama Document. Ukipiga picha ya skrini tarakimu zinakuwa ukungu na utaambiwa urudie.