Somo: Kazi nne fupi mfululizo, namna ya kuzieleza kwenye imeili ya maombi

Habarini wapendwa. Leo nataka tushughulike na kitu kimoja tu, mtu una kazi nne ndani ya miaka mitatu na unaogopa anayesoma atasema "huyu hatulii". Nimesoma maombi ya kazi kwa miaka kadhaa kwenye taasisi moja, na nawaambia ukweli, kinachotisha sio ufupi wa kazi, ni ukimya. Mtu akiona miezi mitatu, miezi mitatu, kumi, na hakuna neno hata moja la kueleza, anajijazia sababu mwenyewe na mara nyingi anajaza mbaya.

Nitatumia mfano wa dada mmoja wa Morogoro niliyemsaidia. Anaomba ukarani wa takwimu kwenye hospitali binafsi Dodoma. Historia yake hii hapa: Agosti 2022 karani wa sensa. Februari hadi Aprili 2023 kituo cha afya, alishika nafasi ya mtu aliyekuwa likizo ya uzazi. Septemba hadi Novemba 2023 duka la dawa la jumla, akaacha mwenyewe. Machi 2024 hadi Januari 2025 mradi wa afya uliokuwa unalipwa na USAID, ukasimama.

Hatua ya 1: chukua karatasi, kila kazi andika nani aliimaliza

Sio kwa nini, nani. Maana majibu ni matatu tu: iliisha yenyewe, ilikatwa, au niliacha. Dada yetu alivyoandika akashangaa mwenyewe. Sensa iliisha yenyewe, ilikuwa na tarehe yake. Kituo cha afya kiliisha chenyewe, likizo ya uzazi kisheria ni siku 84 na mwenye nafasi alirudi. Mradi ulikatwa, Januari 2025 serikali ya Marekani ilisimamisha misaada na wengi tunajua mtu aliyerudishwa nyumbani wiki ile. Kwa hiyo aliyoacha kwa hiari yake ni moja tu kati ya nne, na miaka yote alikuwa anajiona yeye ndio tatizo.

Hatua ya 2: tafuta kazi ya kila siku inayojirudia

Hapa wengi wanakosea, wanatafuta neno kubwa kama "uzoefu mpana". Achana nalo. Jiulize siku ya kawaida ulikuwa unafanya nini hasa. Kwenye sensa alijaza taarifa za kaya kwenye kishikwambi. Kituo cha afya alikuwa anajumlisha vitabu vya MTUHA, yaani vile vya kuandikia takwimu za huduma za afya, kila mwisho wa mwezi na kuingiza kwenye DHIS2, mfumo wa kompyuta wa takwimu hizo. Duka la dawa aliingiza mzigo unaotoka na unaoingia. Mradi, MTUHA na DHIS2 tena ila sasa kwa vituo sita, na ikitokea namba ya kitabu haifanani na ya kwenye mfumo yeye ndio anapiga simu kituoni kuuliza. Umeona uzi? Kutoa taarifa kwenye karatasi au kwa mtu mpaka kwenye mfumo bila kupotea njiani. Na kila hatua mzigo unakua, hilo ndilo linalofanya zionekane safari moja.

Hatua ya 3: iandike, sentensi tatu nne, aya ya pili

Usianze nayo. Aya ya kwanza unaomba kazi gani na unaweza nini, ya pili ndio maelezo haya. Ukiifungua imeili kwa kujitetea unamfundisha msomaji kukutilia shaka kabla hata hajaanza.

Rasimu yake ya kwanza ilikuwa hivi:

> Naomba msishangae kuona nimebadilisha kazi mara nyingi, ni kutokana na changamoto mbalimbali zilizokuwa nje ya uwezo wangu, ila kwa sasa nipo tayari kutulia.

Hapo kuna maneno yote ya kutia wasiwasi na hakuna sababu hata moja. Tukaibadilisha:

> Kazi zangu nne tangu 2022 zote zilikuwa za kukusanya na kuingiza takwimu. Mbili zilikuwa za muda maalum, sensa ya 2022 na kushika nafasi ya likizo ya uzazi. Ya duka la dawa niliacha baada ya mshahara kuchelewa miezi miwili. Ya mwisho, ya kusimamia taarifa za MTUHA za vituo sita, ilifungwa Januari 2025 fedha za mfadhili ziliposimama. Nafasi yenu ni ya kudumu na ni kazi ileile niliyokuwa nikiifanya kwa vipande, ndiyo maana naiomba.

Angalieni ile ya duka. Imesemwa kwa sentensi moja, haina jina la mtu, haina lawama, na imekaa katikati sio mwisho. Ukiificha wakati nyingine umezieleza, ndiyo itakayoulizwa kwanza kwenye usaili. Na sentensi ya mwisho haiahidi "nitakaa", inaonyesha tofauti kati ya nafasi hii na zile.

Hatua ya 4: linganisha miezi

Imeili, sivii na barua za waajiri zote ziseme mwezi uleule. Nimewahi kuona mtu mzuri kabisa akiwekwa pembeni kwa sababu sivii ilisema Juni na barua ikasema Aprili. Na maelezo ya sababu yakizidi maelezo ya kazi uliyofanya, punguza, hiyo imeshakuwa malalamiko.

MASWALI YA WADAU

Mdau wa Mbeya: Mwalimu asante. Mimi lakini kati ya nne, tatu nimeacha mwenyewe. Nifanyeje?

Ndugu yangu, hapo usilazimishe uzi ambao haupo. Angalia kama zile tatu uliziacha kwa sababu moja, mfano zote zilikuwa za kulipwa kwa siku na ulikuwa unatafuta mkataba. Kama ni hivyo sema, ilimradi kazi unayoomba sasa inayo hiyo unayoitafuta. Kama kila moja ina sababu yake, eleza ya karibuni tu na nyingine jiandae kuzijibu kwa mdomo.

Dada wa Tanga: Ile ya miezi miwili naweza kuiruka kabisa?

Kwenye sivii unaweza, sio kila kibarua lazima kiwepo. Ila usivute miezi ya kazi nyingine kuziba pengo, na kama kuna fomu inayosema orodhesha waajiri wote basi andika wote. Kumbuka mwajiri akikuchangia NSSF kumbukumbu zinabaki.

Mdau wa Kahama: Mimi niliachishwa kwenye majaribio mwezi wa tatu, niseme mkataba uliisha?

Hapana kaka, wakipiga simu pale unakosa yote. Andika "sikuthibitishwa baada ya majaribio", halafu kwa maneno machache ulichorekebisha, kama ilikuwa kasi ya kuingiza taarifa sema kasi. Na kama hukuchukua cheti cha utumishi rudi ukakidai, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inamtaka mwajiri akupe ajira inapokoma.

Dada wa Tanga: Na tangazo likiwa la Kiingereza?

Unaandika kwa Kiingereza, mpangilio uleule, sentensi fupi vilevile. Ukishaandika, iweke hapa bila jina lako wala la waajiri, nitaipitia jioni.