Jinsi ya kuwaandikia wadogo zako barua ya kupanga simu ya kila wiki (ukiwa mbali)

Mi ni dada mkubwa, naishi nje, wadogo zangu wako watatu nyumbani. Barua ya kwanza niliyowaandikia kuhusu simu ya kila wiki ilijibiwa na wote watatu siku hiyohiyo, "sawa dada", na Jumapili ilipofika akapokea mmoja tu. Nilikasirika kweli, ila nilivyokuja kuongea nao mmojammoja nikagundua wawili walijua tangu mwanzo kwamba ule muda hauwafai, walishindwa tu kuniambia maana dada mkubwa akishasema kamaliza. Kwa hiyo huu mwongozo naanza na hilo, kalenda itafuata.

Hatua ya 1: Uliza kabla ya barua, mmoja mmoja

Usiulize kwenye grupu, kule watajibu kwa heshima. Mtumie kila mtu ujumbe wake, na usiulize "unapatikana lini" kwa sababu atakwambia "wakati wowote dada". Uliza saa ambazo HAWEZI. Kwangu mimi majibu yalikuja hivi: kaka anayenifuata anafanya kazi kwa zamu na wiki moja moja anaingia usiku saa 4, wa katikati Jumapili anarudi nyumbani jioni na anahitaji kupumzika, wa mwisho anasoma na Jumamosi nzima hayupo. Hapo tayari Jumamosi imeondoka, Jumapili mchana imeondoka, na baada ya saa 3 usiku imeondoka. Kilichobaki ni Jumapili saa 2 usiku, na sikukibuni mimi, kimetoka kwao.

Hatua ya 2: Amua saa ya nani ndo inashika

Hapa ndo wengi tunakosea. Nilipo wanabadilisha saa mara 2 kwa mwaka, nyumbani hawabadilishi. Kwa hiyo tofauti yetu ni masaa 2 kipindi cha joto na masaa 3 kipindi cha baridi. Mwanzo niliiweka simu kwa saa yangu, saa 12 jioni, na miezi ile yote ilikuwa saa 2 usiku kwao, safi kabisa. Ikafika Jumapili ya mwisho ya Oktoba, saa zikarudishwa nyuma alfajiri, mi napiga saa 12 yangu kama kawaida kumbe kwao ni saa 3 usiku, kaka yuko njiani kazini na wa katikati kashalala.

Dawa yake: shika saa ya nyumbani, we wa nje ndo uhame. Mmoja kuhama ni rahisi kuliko watatu. Sasa hivi kwao ni saa 2 usiku mwaka mzima, mi napiga saa 12 jioni kipindi cha joto na saa 11 jioni kipindi cha baridi. Kama uko Ulaya saa hubadilika Jumapili ya mwisho ya Machi na Jumapili ya mwisho ya Oktoba. Kama uko Marekani au Kanada, sehemu nyingi ni Jumapili ya pili ya Machi na Jumapili ya kwanza ya Novemba. Zote ni Jumapili, kwa hiyo ukichagua siku hiyo badiliko litakukuta siku ileile ya simu, usitegemee kichwa.

Hatua ya 3: Andika barua yenyewe

Fupi, na iwe na mambo haya tu: siku na saa, nani anapiga, itachukua muda gani, na mtu akikosa inakuwaje. Yangu ya pili ilikuwa hivi:

> Wadogo zangu,
>
> Kutokana na mlivyoniambia kila mmoja, naona Jumapili saa 2 usiku (20:00) saa za nyumbani ndo inatugusa wote. Mimi ndo ntakayepiga, nyie mpokee tu. Tutaongea dakika 40, baada ya hapo anayetaka kuondoka aondoke bila kuaga sana.
>
> Ntasubiri dakika 10 halafu tunaanza na waliopo. Ukikosa hutaulizwa kwa nini, wiki ijayo utakuwepo.
>
> Kabla ya Alhamisi naomba kila mmoja aniandikie pembeni wiki ipi ya mwezi huu itamshinda. Msiniandikie "sawa dada" tu, niandikieni wiki.
>
> Dada yenu

Ule mstari wa kuomba wiki itakayomshinda ndo uliofanya kazi kubwa. Mtu akijibu "ya tatu niko zamu" ujue kasoma na kafikiria, akijibu "sawa" mrudie kwa upole.

Na kuhusu kuandika saa, andika zote mbili kama nilivyofanya hapo, yetu na ya kwenye simu. Mdogo wetu wa mwisho alisoma "saa 2 usiku" akaiweka alamu 2:00 na ikamwamsha saa 8 za usiku wa manane. Simu inahesabu kuanzia katikati ya usiku, sisi tunahesabu kuanzia jua linapotoka na linapozama, tofauti ni 6, na mtu mwenye haraka anasahau.

Hatua ya 4: Kumbusho la pamoja

Natumia Google Calendar kwa sababu wawili tayari wanayo kwenye simu. Tengeneza tukio MOJA, usimwambie kila mtu atengeneze lake. Weka Jumapili 20:00, halafu kabla ya kuseivu gusa `Time zone` na uchague ya nyumbani. Usipogusa hapo itachukua ya kwako na lile la Oktoba litakurudia. Palipoandikwa `Does not repeat` weka ijirudie kila wiki, halafu kwenye `Add guests` weka anwani zao za barua pepe.

Kila mmoja abonyeze `Yes` kwenye mwaliko, na aweke notifikesheni yake mwenyewe, maana ile uliyoweka we inakukumbusha wewe tu. Hili lilinichukua wiki mbili kulielewa, nilidhani nikiweka dakika 30 wote wanaipata. Nawashauri waweke mbili, saa 1 kabla na dakika 10 kabla, ile ya saa 1 ndo inamwezesha mtu kuchaji simu.

Asiyetumia barua pepe muweke alamu ya kawaida ya simu inayojirudia Jumapili 19:50, inatosha kabisa. Kwa kuwa umeshika saa ya nyumbani, alamu yake haitahitaji kuguswa tena.

Hatua ya 5: Hakikisha kabla ya Jumapili ya kwanza

Waombe wakutumie skrinishoti ya lile tukio. Kwao lazima isome 20:00 au 8:00 PM, kwako isome saa tofauti. Kisha sogeza kalenda yako mbele mpaka wiki baada ya saa kubadilika uangalie: kama kwako imehama kwa saa 1, umeweka sawa. Kama imebaki palepale ujue tukio limeshika saa yako, rudi kwenye `Time zone`.

Wiki ikiharibika

Kaka akiwa zamu tunasogeza ya wiki hiyo tu. Kalenda itakuuliza, chagua `This event`. Niliwahi kubonyeza `All events` na Jumapili zote zikahamia Jumatatu, wa mwisho akanipigia kuuliza kama ratiba imebadilika, na nilifurahi sana kwamba safari hii ameuliza.